Sehemu ya kiufundi ya zabuni ya ujenzi: hesabu moja inayoandikwa mara tatu

Mzabuni anayefungua nyaraka za zabuni ya ujenzi kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, hukuta sehemu ya kiufundi ikidai vitu vitatu vikubwa: maelezo ya namna kazi itakavyofanyika, mpango kazi, na wataalamu pamoja na mitambo. Ofisi nyingi humpa kila mtu kipande chake. Mhandisi huandika maelezo ya mbinu, kijana wa kompyuta huchora chati ya mpango kazi, na mhasibu au katibu hukusanya wasifu wa wataalamu na vyeti vyao. Usiku wa kufunga zabuni vipande hivyo huunganishwa na kupandishwa kwenye mfumo.

Hapo ndipo zabuni nyingi zinapoharibika, hata kama kila kipande peke yake kinasomeka vizuri. Vitu hivyo vitatu ni hesabu moja inayoandikwa kwa sura tatu. Kiasi cha kazi kilicho kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, kikigawanywa kwa uwezo wa genge la mafundi kwa siku, ndicho kinachozaa siku. Siku hizo ndizo mpango kazi. Genge lililotumika kwenye hesabu ndilo linalopaswa kuonekana kwenye jedwali la watu, na mashine iliyotumika ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye jedwali la mitambo. Maelezo ya mbinu hueleza kwa maneno kwa nini genge lile na mashine ile vinatosha. Mjumbe wa kamati ya tathmini anayejua kazi huzisoma kurasa hizo akizilinganisha, na zinapopingana hugundua mapema sana.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kuchukua kazi ndogo na kuipigia hesabu hadi mwisho. Tuchukue kalavati la boksi lenye matundu mawili kwenye barabara ya changarawe ya wilaya, linalovuka kijito cha msimu huko Muheza, mkoani Tanga. Mfano ni wa kubuni, ila vipimo vyake ni vya kawaida: kila tundu lina upana wa mita 2 na kimo cha mita 2, kuta tatu na slabu mbili zote zina unene wa milimita 250, na urefu wa kalavati ni mita 8. Zege ni la daraja C25. Muda wa mkataba ni siku 120.

Anza na vipimo, maneno baadaye

Upana wa nje wa kalavati hili ni mita 4.75, yaani matundu mawili ya mita 2 na kuta tatu za robo mita. Slabu ya chini ni 4.75 × 0.25 × 8, sawa na mita za ujazo 9.5. Slabu ya juu ni kiasi hicho hicho. Kuta tatu ni 3 × 0.25 × 2 × 8, sawa na mita za ujazo 12. Jumla ya zege la boksi lenyewe ni mita za ujazo 31, bila mabawa na sakafu za kuingilia na kutokea maji. Nondo, kwa kadirio la kilo 110 kwa kila mita ya ujazo, ni kama tani 3.4. Fomweki, yaani ukungu wa muda unaoshikilia zege hadi likaze, ni mita za mraba 96 kwa kuta, na 32 kwa chini ya slabu ya juu.

BOQ inaweza kuwa na namba hizi tayari, lakini mwandishi wa sehemu ya kiufundi anapaswa kuzipata mwenyewe kutoka kwenye michoro, kwa sababu BOQ hujumlisha. Hutaja mita za ujazo 31 za zege na kunyamaza. Haisemi kwamba 31 hizo zitamwagwa kwa siku tatu tofauti zinazotenganishwa na kazi ya nondo na fomweki, na migawanyo hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa mashine na idadi ya watu.

Sasa mashine. Wakandarasi wengi wa ngazi za kati hutumia mikisa inayopokea mfuko mmoja wa saruji kwa mzunguko. Kwa zege la aina hii, mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa takriban mita za ujazo 0.13. Genge lililozoea hufikisha mizunguko kama 12 kwa saa bila kukimbizana. Hiyo ni mita za ujazo 1.56 kwa saa. Slabu ya chini inahitaji mizunguko 73, yaani saa 6 na kidogo. Kuta zinahitaji mizunguko 92, karibu saa 8. Kwa hiyo mikisa moja inatosha kwa kazi hii, lakini siku ya kuta ni lazima kuanza saa 2 asubuhi ili zege liishe jioni kungali na mwanga. Sentensi hiyo ya mwisho inafaa kuingia kwenye maelezo ya mbinu kama ilivyo, maana ina thamani kuliko kurasa tatu za sifa za kampuni.

Maelezo ya mbinu: tofauti ya aya mbili

Hebu tuweke aya mbili kando kwa kando. Ya kwanza ni ile inayozunguka kutoka zabuni moja hadi nyingine:

«Zege litachanganywa kwa uwiano sahihi kwa kutumia mitambo ya kisasa na litamwagwa na kushindiliwa kikamilifu kulingana na viwango. Ukaguzi wa ubora utafanywa wakati wote na wataalamu wenye uzoefu.»

Hakuna kosa ndani yake, na hakuna kitu ndani yake. Inafaa kwa kalavati, kwa ghorofa na kwa tangi la maji. Mtathmini hawezi kuitumia kujua kama mzabuni ameangalia mchoro. Ya pili inahusu kuta za kalavati letu:

«Kuta tatu zitamwagwa kwa siku moja, kwa pamoja, kwa tabaka za sentimita 30. Tabaka moja kwa kuta zote ni mita za ujazo 1.8, ambazo mikisa yetu huzitoa kwa dakika kama 70, hivyo kila tabaka litafunikwa na linalofuata kabla halijaanza kukaza. Zege litashushwa ndani ya fomweki kwa mpira, ili lisianguke zaidi ya mita 1.5. Vaibreta mbili zitafanya kazi na ya tatu itakuwa akiba. Mikisa ya pili itakuwepo saiti siku hiyo, imejaribiwa asubuhi. Fomweki, nondo na vipande vya kutenganishia nondo na fomweki vitakaguliwa na mhandisi msimamizi siku moja kabla, na hakuna zege litakaloanza bila sahihi yake.»

Aya hii imeandikwa na mtu aliyekokotoa. Inajikinga pia na jambo linalotokea mara nyingi saiti: mikisa ikizimika kwa saa moja na nusu katikati ya ukuta, zege la chini huanza kukaza, na lile linalowekwa juu yake halishikani nalo. Fomweki ikifunguliwa unaona mstari mweusi au wenye vishimo unaokimbia kwa mlalo ukutani. Ukuta wa kalavati unasukumwa na udongo kwa nje, na mstari huo ni njia ya maji kuifikia nondo. Ndiyo maana mikisa ya akiba ni sehemu ya mbinu, na ni lazima ionekane pia kwenye jedwali la mitambo. Aya ikisema mikisa mbili na jedwali likaonyesha moja, mzabuni amejikosoa mwenyewe.

Mwelekeo wa kuandika ni huo kwa kila hatua muhimu: nini kinafanyika, kwa kitu gani, kwa kiasi gani, nani anakagua, na nini kitafanywa kikikwama. Si kila hatua inastahili urefu sawa. Kusafisha eneo na kujenga kambi vinatosha mistari mitatu. Kwenye kalavati, hatua zinazostahili nafasi ni nne: kugeuza maji na magari, kumwaga zege la kuta, kuondoa miimo, yaani nguzo za muda zinazobeba slabu ya juu, na kurudishia udongo pembeni.

Kuhusu kugeuza maji, mtathmini anataka kujua upande gani wa kijito mfereji wa muda utapita, pampu ipo au haipo, na mvua ikinyesha usiku shimo likajaa kitafanyika nini kabla ya kumwaga zege. Jibu la mwisho ni kwamba maji yatavutwa, tope litakwanguliwa, na sehemu ya ardhi iliyolainika itaondolewa na kubadilishwa. Kuishia kwenye kuvuta maji tu ni kuacha kalavati likalie uji.

Kuhusu magari, kazi hii inahitaji barabara ya mchepuko yenye mabomba ya muda, alama za barabarani, na mtu wa kuongoza magari. Kama michoro inaonyesha nusu ya barabara itajengwa kwanza na nusu nyingine baadaye, hesabu yote ya juu hubadilika: slabu mbili za nusu nusu, fomweki mara mbili, kiungo katikati. Mzabuni anayeandika mchepuko wakati nyaraka zimetaja ujenzi wa nusu kwa nusu amejibu zabuni nyingine.

Kurudishia udongo ndiko kunakosahaulika zaidi. Kuta za boksi hushikiliwa juu na slabu ya juu. Udongo ukijazwa na kushindiliwa kabla slabu ya juu haijapata nguvu, au ukijazwa upande mmoja hadi juu huku mwingine ukiwa wazi, ukuta husukumwa na kupata nyufa za mlalo au kuhama. Andika wazi kwamba udongo utarudishwa baada ya miimo kutolewa, kwa tabaka za milimita 150, pande zote mbili kwa pamoja, na kwamba karibu na ukuta itatumika kompakta ya mkono kwa sababu rola kubwa haiwezi kufika bila kuugonga. Kompakta hiyo nayo iende kwenye jedwali la mitambo.

Kuna dalili za haraka za maelezo yaliyonakiliwa, na watathmini wanazijua zote: jina la mto wa wilaya nyingine, maelezo ya kumwaga lami kwenye kazi ya changarawe, magari ya kubeba zege na pampu ya zege wakati jedwali la mitambo lina mikisa peke yake. Kabla ya kupandisha nyaraka, tafuta kwenye faili majina ya miradi yenu ya nyuma, moja baada ya jingine. Ni kazi ya dakika kumi.

Mpango kazi: kitu kisichoonekana kwenye chati nyingi

Chati ya mistari ina urembo wake, lakini chati bila uhusiano wa kazi na kazi ni mchoro tu. Swali ni moja kwa kila mstari: kwa nini unaanza siku hiyo na si nyingine? Mpangaji asiyeweza kulijibu amechora mistari kwa jicho.

Tujenge mpango wa kalavati letu kwa siku za kalenda, tukichukua Siku ya 1 ni Jumatatu ya kukabidhiwa saiti, na Jumapili hakuna kazi. Siku za mkataba karibu kila mara ni za kalenda, hivyo siku 120 zina Jumapili 17 ndani yake. Anayepanga kwa siku za kazi na kusahau kuzigeuza huwa ameshachelewa kwenye karatasi.

Kazi ya kwanza inayobana si kuchimba. Ni zege la majaribio. Nyaraka nyingi zinadai mchanganyiko wa zege upimwe na kukubaliwa kabla ya zege lolote la nguvu kumwagwa, na mchemraba wa zege wa milimita 150 hupimwa nguvu ukiwa na siku 7 na siku 28. Hakuna pesa wala watu wanaoweza kuzifupisha siku 28 hizo. Tukichukua sampuli za mchanga na kokoto siku za mwanzo na kumwaga majaribio Siku ya 8, majibu ya siku 7 yanapatikana Siku ya 15 na ya siku 28 yanapatikana Siku ya 36.

Wakati huo kazi nyingine zinaendelea: kambi na upimaji hadi Siku ya 13, barabara ya mchepuko hadi Siku ya 24, kisha kugeuza maji na kuchimba kwa mtambo wa kijiko, zege jembamba la kusawazisha chini, na kufunga nondo za slabu ya chini hadi Siku ya 34. Slabu ya chini inamwagwa Jumanne, Siku ya 37, siku moja baada ya majibu. Siku ya 39 nondo za kuta zinaanza, zinafuatwa na fomweki, na kuta zinamwagwa Jumamosi, Siku ya 48. Fomweki ya kuta inafunguliwa Siku ya 50, miimo na fomweki ya slabu ya juu inafungwa, nondo zinawekwa, na slabu ya juu inamwagwa Siku ya 58. Ikiwa nyaraka zinataka miimo ikae siku 14, inatoka Siku ya 72. Udongo unarudishwa kuanzia Siku ya 73, changarawe ya viungio vya barabara inafuata, na mawe, gabioni na kufunga mchepuko vinakuwa vimeisha kufikia Siku ya 105. Kuta za mabawa za mawe zinajengwa zile siku 14 za kusubiri miimo, ili mafundi wasikae bure.

Zimebaki siku 15. Hizo ndizo nafasi ya kupumulia, na ni vizuri zionekane mwishoni mwa chati badala ya kuficha siku mbili tatu ndani ya kila kazi.

Sasa tazama kinachotokea zege la majaribio likisahauliwa. Mzabuni aliyeliweka baada ya mchepuko, Siku ya 25, atapata majibu ya siku 28 Siku ya 53. Slabu ya chini inahamia Siku ya 54, siku 17 nyuma, na kazi nzima inaisha Siku ya 122. Mkataba ni siku 120. Chati yake inaweza kuonyesha Siku ya 105 kwa rangi nzuri, lakini mtathmini akihesabu 28 kuanzia mstari wa majaribio, mpango huo hauwezekani. Wapo wasimamizi wanaoruhusu kuendelea kwa majibu ya siku 7, mkandarasi akibeba hatari mwenyewe. Hilo huombwa saiti. Kulijengea zabuni ni kuahidi ruhusa ya mtu mwingine.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni miimo. Mpango unaoanza kurudishia udongo siku tano baada ya slabu ya juu unapingana na aya ya maelezo ya mbinu ya kampuni hiyo hiyo, na unapingana na nyaraka.

Halafu mvua. Muheza hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kazi ikikabidhiwa mwanzoni mwa Juni, siku 120 zinaisha mwishoni mwa Septemba, na kijito kiko chini kipindi chote cha msingi. Ila tarehe ya kukabidhiwa haiko mikononi mwa mzabuni. Kwa sababu hiyo chati hupangwa kwa Wiki ya 1, ya 2 na kuendelea, na chini yake huandikwa aya fupi: kazi kuanzia kuchimba hadi kumwaga slabu ya juu, Siku ya 25 hadi ya 58, isiangukie kilele cha mvua; saiti ikikabidhiwa Machi, mzabuni ataanza na kambi, majaribio ya zege, ukataji wa nondo na kuta za mawe zilizo juu ya maji, na kuomba utaratibu wa muda kwa mujibu wa mkataba. Aya hiyo haidai nyongeza ya muda mapema. Inaonyesha kwamba mpangaji anaijua sehemu anayokwenda.

Mpango kazi haufi siku ya tuzo. Mikataba ya kawaida ya ujenzi humtaka mkandarasi awasilishe mpango wa kina ndani ya muda mfupi baada ya kupokea barua ya kukubaliwa, na mpango uliokubaliwa ndio unaotumika kupima madai ya kuchelewa. Mzabuni aliyebana siku kwenye zabuni ili aonekane mwepesi hujikuta anadaiwa ratiba ambayo hakuwahi kuiamini.

Watu: jedwali linalofuata mpango

Nyaraka hutaja wataalamu wa lazima na vigezo vyao: msimamizi wa mradi, mhandisi wa saiti, fomani, fundi sanifu wa maabara, mpimaji, afisa usalama, kwa kadiri ya ukubwa wa kazi. Hapa masharti ni ya ndiyo au hapana. Mhandisi akitakiwa kuwa na miaka 5 ya kazi zinazofanana na wasifu ukaonyesha minne, uzuri wa chuo alichosoma hausaidii. Kwenye nyaraka zinazofuata mfumo wa Benki ya Dunia, orodha hiyo hujazwa kwenye fomu PER-1 na wasifu kwenye PER-2.

Mambo yanayoangusha wasifu ni madogo na yanajirudia. Tarehe hugongana: mtu mmoja alikuwa mhandisi wa saiti Songea na Kigoma miezi ile ile. Miaka ya uzoefu inahesabiwa kuanzia kuhitimu wakati nyaraka zinataka kuanzia kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Leseni ya mwaka imepita. Sahihi ya mwenye wasifu haipo, au ipo ila ni picha iliyobandikwa ile ile kwenye zabuni ya mwaka juzi. Na kubwa kuliko yote, kazi zinazofanana hazitajwi kwa vipimo. «Ujenzi wa barabara na makalavati» hauonyeshi kitu. «Kalavati la boksi la matundu mawili ya mita 2 kwa 2, urefu mita 9, nafasi ya mhandisi wa saiti, Julai hadi Novemba 2022» unaonyesha, na unaweza kuthibitishwa kwa kumuuliza mwenye kazi.

Baada ya vigezo, linafuata swali la mpango: mtu huyu yuko saiti lini? Fundi sanifu wa maabara anahitajika wiki ya kwanza, kwa sampuli na majaribio, wala si wiki ya sita zege la boksi linapoanza. Mpimaji anahitajika kuweka mistari mwanzoni, kuhakikisha kimo kabla ya slabu ya chini, na tena kwenye viungio vya barabara mwishoni. Si lazima alipwe siku zote 105. Mhandisi wa saiti ni wa muda wote. Msimamizi wa mradi anaweza kugawana miradi, ila iandikwe ni siku ngapi kwa wiki. Jedwali la watu kwa wiki, lenye mistari inayolingana na chati ya kazi, hujibu haya yote kwa ukurasa mmoja. Na mhandisi mmoja asiwekwe kwenye zabuni mbili zinazofunguliwa mwezi mmoja kama wa muda wote, kwa sababu zikishinda zote mbili kampuni itaomba kubadilisha mtu kabla haijaanza kazi.

Mafundi na vibarua mara nyingi hawadaiwi wasifu, na kwa hiyo huandikwa «mafundi 20, vibarua 40» bila msingi. Hapa tena hesabu ndiyo inayotakiwa. Siku ya kumwaga kuta, mikisa ina mwendeshaji mmoja. Mmoja wa saruji, wawili wa mchanga na watatu wa kokoto, wote wakipima kwa masanduku. Mmoja wa maji. Wanne wa toroli. Wawili wa vaibreta. Wawili wa kusambaza. Wawili wa kumalizia juu. Na seremala na fundi nondo mmoja mmoja wa kusimama, kwa sababu fomweki ikianza kuvimba zege likiwa ndani, hakuna muda wa kumwita mtu kutoka mjini. Jumla ni 20, bila fomani na fundi wa maabara.

Fundi nondo na msaidizi wake, nondo zikiwa zimeshakatwa na kupindwa kambini, hufunga kama kilo 200 kwa siku. Nondo za kuta ni kama kilo 1,320. Jozi moja itachukua karibu wiki moja, jozi mbili siku 3 na kidogo. Mpango wetu umeweka siku 4. Kwa hiyo jedwali linahitaji jozi mbili, na atakayeandika fundi nondo mmoja atakuwa ameubomoa mpango wake mwenyewe. Seremala ni hivyo hivyo: mita za mraba 96 za fomweki ya kuta, kwa mita 12 kwa jozi kwa siku, ni siku 8 kwa jozi moja na siku 4 kwa mbili. Chati ina siku 4. Jozi mbili.

Mitambo ya kukodi inafuata utaratibu huo. Mkataba wa kukodi kijiko uonyeshe kipindi kinachogusa Siku ya 25 na kuendelea, usajili wa mtambo, na jina la mwenye mtambo linalolingana na kadi. Barua ya jumla ya «tutakupatia mtambo ukihitaji» haina mtambo ndani yake.

Usomaji wa mwisho kabla ya kupandisha

Mtu ambaye hakuandika hata kipande kimoja ndiye anayefaa kusoma mara ya mwisho, akiwa na chati mkononi. Achukue kazi moja, tuseme kuta, na aifuate kwenye kurasa zote: maelezo ya mbinu yanasema zinamwagwa siku moja, chati inaonyesha siku moja, jedwali la mitambo lina mikisa mbili na vaibreta tatu, jedwali la watu lina genge la 20 wiki hiyo na fundi wa maabara yupo. Kisha slabu ya juu, kisha udongo. Kazi tatu zikipita bila mgongano, zilizobaki kwa kawaida zimekaa sawa. Zikigongana, kinachorekebishwa ni hesabu iliyo chini yake, halafu kurasa zote tatu kwa pamoja, maana kugusa ukurasa mmoja tu huzaa mgongano mpya. Baada ya zabuni kufungwa, kamati inaweza kuomba ufafanuzi, lakini ufafanuzi hauruhusiwi kubadilisha kiini cha kilichowasilishwa: mikisa ambayo haikuwepo kwenye jedwali haiwezi kuingizwa kwa barua.